Kitabu Kimoja, Jioni Mbili: Kumsomea Mtoto kwa Dholuo na kwa Kiswahili

Wazazi wengi wa madarasa ya chini wameanza kuwasomea watoto nyumbani, na swali wanaloniletea mlangoni pa darasa ni la lugha. Nimsomee kwa Dholuo au kwa Kiswahili? Nikimsomea kwa Dholuo sitamchelewesha? Mama mmoja aliniambia anafungua kitabu cha Kiswahili, anasoma sentensi, anaitafsiri, anasoma nyingine, anaitafsiri, na kufika ukurasa wa tatu mtoto ameshalala.

Jibu langu ni kwamba msomee kwa zote mbili, kitabu kile kile, lakini kila lugha uipe jioni yake na kazi yake. Kwa Dholuo kitabu kiwe chanzo cha mazungumzo: picha zinaulizwa, kisa kinarefushwa, mtoto anabishana na wewe. Kwa Kiswahili soma maneno kama yalivyochapishwa, polepole, bila kuyabadilisha. Nitaeleza kwa nini nazitenganisha namna hii, kisha niwaonyeshe jinsi inavyokwenda katika nyumba yenyewe, kwa sababu ushauri wa jumla umeshatolewa vya kutosha.

Mtaala wa Kenya unasema kwamba kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo. Si wazo jipya. Kamati ya Gachathi ilipendekeza jambo hilo mwaka 1976. Kijijini Siaya au Homa Bay, lugha hiyo ni Dholuo. Mjini Kisumu, ambako familia zimechanganyika, lugha ya eneo ni Kiswahili. Kwa hiyo watoto wetu wengi wa mjini hawapati Dholuo ya kusoma shuleni, na wenzao wa kijijini wanaipata kwa miaka michache tu, kisha Gredi ya 4 inaingia na Kiingereza kinashika masomo karibu yote. Ukitaka mtoto asome lugha ya mama kwa muda mrefu kuliko hapo, nyumbani ndipo mahali pake.

Sasa, je, Dholuo ikisomwa vizuri, Kiswahili kitajitokea chenyewe? Wapo wataalamu wanaosema hivyo kwa wepesi mno. Hapa Kenya jambo hili lilipimwa, Machakos kwa Kikamba na Bungoma kwa Kibukusu, katika mradi wa kusoma uliojulikana kama PRIMR. Baadhi ya shule zilipewa vitabu na mafunzo ya walimu kwa Kiingereza na Kiswahili peke yake. Nyingine zilipewa hayo hayo pamoja na lugha ya mama. Watoto waliofundishwa kwa lugha ya mama walisoma lugha hiyo vizuri zaidi, na walielewa walichosoma. Lakini katika Kiswahili na Kiingereza hawakuwapita wale wengine. Hawakuachwa nyuma, na hawakutangulia pia.

Matokeo hayo yanajibu hofu mbili kwa mara moja. Mzazi anayehofu kwamba Dholuo itakiua Kiswahili cha mwanawe aondoe shaka. Na mzazi anayetegemea kwamba Dholuo pekee itambeba mtoto hadi kwenye Kiswahili naye ajue kwamba kuna sehemu ya njia ambayo haijengwi mpaka Kiswahili chenyewe kisomwe. Ndiyo maana nasema jioni mbili.

Utafiti wa pili ulifanywa karibu zaidi na sisi, vijijini magharibi mwa Kenya. Watafiti waliwapa walezi 357 vitabu vya hadithi vilivyotungwa kwa mazingira na lugha za hapa, na watoto waliofuatiliwa walikuwa 510, wenye umri wa kuanzia miaka 2 hadi karibu 7. Kundi moja lilipewa vitabu tu. Mengine yalipewa vitabu na pia kufundishwa namna ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Walezi waliofundishwa walisoma na watoto mara nyingi zaidi na kwa namna bora zaidi, na watoto wao wakaongeza maneno yaliyomo katika vitabu vile. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: watoto ambao walezi wao hawakujua kusoma walifaidika angalau kwa kiwango kile kile na watoto wa walezi wanaojua kusoma.

Nyanya asiyejua a wala b anaweza kumfaidisha mtoto kwa kitabu. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu nyumba nyingi zimemtoa nyanya katika shughuli hii zikidhani ni ya waliosoma.

Njia waliyofundishwa walezi wale inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1988. Kwa ufupi, mkubwa haongei peke yake. Anauliza jambo juu ya picha, anasikiliza jibu, anaongeza neno moja au mawili juu ya jibu hilo, kisha anampa mtoto nafasi aseme tena jibu lililorefuka. Basi. Ugumu wake uko katika kunyamaza baada ya kuuliza. Wengi wetu tukiuliza tunajibu wenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Hesabu polepole hadi tano kimoyomoyo, na mara nyingi jibu litakuja.

Nitaeleza nyumba moja ninayoifahamu, ng'ambo kidogo ya mji, ambako msichana wa Gredi ya 2 anaishi na mama yake na nyanya yake. Mama huuza omena, hurudi jioni. Nyanya hajui kusoma. Kitabu chao ni karatasi chache zilizochapishwa na kukunjwa katikati, zimeshonwa kwa uzi. Kisa kinahusu kiboko anayetoka ziwani usiku na kula viazi vitamu shambani, hadi watoto wanapotundika madebe kwenye kamba njiani mwake. Ukurasa wa kwanza una sentensi mbili:

Usiku kiboko alitoka ziwani. Alikula viazi vyote.

Na kwa Dholuo:

Gotieno rao nowuok e nam. Nochamo rabuon duto.

Jioni ya kwanza ni ya nyanya. Anashika kitabu, anafungua picha, haangalii maandishi. Anaanza jinsi alivyoanziwa yeye katika siwindhe, nyumba ya bibi ambako wasichana walilala na kusimuliwa: "Chon gi lala." Kisha anaweka kidole juu ya mnyama.

"Ma en ang'o?"

"Rao."

"Odhi kanye?"

"E puodho."

"Nang'o?"

Hapo mtoto anafikiri. "Kech kaye."

"Ee, kech kaye, omiyo nowuok gotieno."

Nyanya aliuliza huyu ni nini, ameenda wapi na kwa nini, na mtoto alijibu kwamba ni kiboko, ameenda shambani, ana njaa. Nyanya amekubali, akaongeza sababu na wakati: ana njaa, ndiyo maana akatoka usiku. Jibu la maneno mawili limekuwa sentensi kamili, na mtoto akiulizwa tena kesho yake atairudia nzima. Kisha maswali yanaacha kitabu. Je, kiboko alipita wapi? Mtoto wa ziwani anajua kwamba kiboko hupita njia ile ile kila usiku, na nyasi za njia hiyo hulala. Nyanya anasimulia shamba lililoliwa alipokuwa msichana. Ukurasa wenye sentensi mbili umechukua dakika kadhaa, na hakuna aliyesoma neno. Hapo ndipo mtoto anapozoea kuuliza kwa nini jambo limetokea, kutabiri litakalofuata, na kuunganisha picha na anachokijua. Uzoefu huo hauna lugha maalumu. Akishaupata kwa Dholuo, hatafundishwa upya kuuliza kwa nini atakapokutana na kisa kwa Kiswahili.

Nyanya humaliza kwa "Thu tinda", kitabu kinafungwa.

Jioni ya pili, labda baada ya siku moja, ni ya mama na Kiswahili. Mtoto sasa anakijua kisa. Anajua kiboko atatoka, atakula, madebe yatapiga kelele, atakimbia. Kwa kuwa kisa hakimsumbui tena, masikio yake yako huru kusikia maneno. Hii ndiyo sababu ya kutanguliza Dholuo: mtoto asilazimike kutafuta maana na kujifunza lugha kwa wakati mmoja.

Mama anasoma kama ilivyoandikwa, kidole kikipita chini ya maneno. "Alikula viazi vyote." Anamwuliza mtoto kiboko alifanya nini, na mtoto anasema, "Alikula viazi yote."

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili cha kitabuni kinapotuhitaji. Katika Dholuo, wingi unajionyesha mwishoni mwa neno. Jiwe ni kidi, mawe ni kite. Mlima ni got, milima ni gode. Mtoto wa Dholuo amezoea kusikiliza mwisho wa neno. Kiswahili kinabadilisha mwanzo: kiazi, viazi, na mabadiliko hayo yanakwenda mpaka kwenye maneno yanayofuata: viazi vyote vitamu vimeliwa. Kwa sikio la mtoto wetu, mambo mengi yanatokea mahali ambapo hajazoea kusikiliza. Na Kiswahili anachosikia barabarani, sokoni na kwenye matatu hakimsaidii hapo, kwa sababu sote tunasema "viazi yote", "vitu yangu", "watu ingine". Hicho ni Kiswahili chetu cha kuelewana, sikidharau, mimi mwenyewe ndicho ninachonunulia mboga sokoni. Lakini Kiswahili cha vitabu na mitihani hakiko huko. Kwa familia nyingi za hapa, mahali pekee nyumbani ambapo mtoto atasikia "viazi vyote vimeliwa" ni ndani ya kitabu.

Ndiyo maana nasisitiza Kiswahili kisomwe neno kwa neno. Mzazi akikisimulia kwa maneno yake, atasema "alikula viazi yote" kama mtoto, na nafasi imepotea. Mzazi hahitaji kuwa bingwa wa ngeli. Kitabu kinajua ngeli. Mzazi anahitaji tu kukiamini na kukisoma.

Na mtoto akikosea? Mama wa nyumba ile alifanya sawasawa, ingawa hakuna aliyemfundisha. Hakusema "umekosea". Alisema, "Ee, alikula viazi vyote. Vyote kabisa!" na akafungua ukurasa unaofuata. Mtoto alisikia sura sahihi mara mbili, na mazungumzo hayakukatika. Ukimsahihisha kwa kumkatiza, utapata "viazi vyote" jioni hiyo na ukimya jioni inayofuata. Usitegemee mabadiliko ya haraka. Kwanza mtoto ataacha kusema "yote" kwa viazi peke yake, kwa sababu amelisikia tungo lile lile mara nyingi. Kuhamisha "vyote" kwenda kwa vikombe na viatu huchukua muda zaidi, na huhitaji vitabu vingine vyenye maneno ya ngeli hiyo hiyo.

Kuna jambo la sauti pia. Mtoto wa Dholuo ana zawadi ambayo wenzake wengi wa Kenya hawana: th na dh ziko katika lugha yake. "Thelathini" na "dhahabu" anazitamka bila taabu. Lakini Dholuo haina sh, z wala v. Kwa hiyo "shamba" linakuwa "samba", "zawadi" inakuwa "sawadi", na mtoto anapoandika imla anaandika kama anavyosikia. Katika kitabu cha kiboko neno "shamba" linarudi kila ukurasa, na ni bahati nzuri. Lisome kwa uwazi, mtoto aangalie midomo yako inavyochomoza, halafu endelea. Usimkalishe arudie neno mara kumi. Herufi s na sh atazifanyia kazi darasani. Kwenu atosheke kuzisikia mara nyingi zikiwa tofauti.

Nirudi kwa yule mama anayetafsiri sentensi baada ya sentensi. Kosa lake ni la upendo, kwa sababu anataka mtoto aelewe. Lakini jambo hili liliangaliwa zamani katika madarasa ya lugha mbili huko Marekani, na kilichoonekana ni kwamba mtoto akijua kila sentensi itafuatwa na tafsiri, huacha kuisikiliza lugha asiyoiweza na kungoja ile anayoielewa. Unaweza kulitambua nyumbani kwa urahisi. Msomee sentensi ya Kiswahili, kisha nyamaza. Kama mtoto anakutazama usoni akingoja, badala ya kutazama picha au kusema kitu, ameshajifunza kwamba sentensi ya kwanza si yake.

Neno moja moja ni jambo tofauti. Akiuliza "debe" ni nini, mwambie kwa Dholuo au mwonyeshe debe, na msonge mbele. Akijibu swali la Kiswahili kwa Dholuo, kubali jibu, kisha liseme kwa Kiswahili, kama mama yule alivyofanya na viazi. Mtoto kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja si dalili ya ugonjwa wala uvivu. Jioni ikiwa ya Kiswahili, mkubwa ndiye anayeshikilia Kiswahili. Mtoto yuko huru.

Baada ya jioni hizo mbili, kitabu hicho hicho kirudiwe. Wazazi husikitika kwamba mtoto anataka kisa kile kile tena, wakidhani hasongi mbele. Anasonga. Safari ya kwanza anafuata kisa, ya pili anasikia maneno, ya tatu anaanza kumalizia sentensi kabla yako. Mwachie amalizie. Soma "Usiku kiboko alitoka..." na ungoje. Mara tatu au nne kwa kila lugha inatosha kitabu kifupi, dakika 10 au 15 kila jioni. Mtoto akianza kugaagaa, funga. Hakuna ukurasa unaodaiwa.

Tahadhari moja kuhusu kumalizia sentensi. Baada ya siku kadhaa mtoto "atasoma" kitabu kizima na familia itashangilia kwamba ameshajua kusoma. Pengine amekariri. Kukariri si kosa, ni hatua njema, lakini usichanganye na kusoma. Pima hivi: chagua neno katikati ya ukurasa, tuseme "viazi", funika mengine kwa vidole na umwulize linasema nini. Kama lazima aanze tangu "Usiku kiboko" ndipo alifikie, basi bado hasomi herufi. Kumsomea mtoto kunampa maneno, sentensi na uelewa. Hakumfundishi kuunganisha herufi na sauti. Hiyo ni kazi yetu shuleni, na mtoto aliyesomewa kila jioni tangu chekechea bado atahitaji kufundishwa silabi. Mzazi akilijua hilo hatamlaumu mtoto, wala hatamlaumu mwalimu.

Nimesema Dholuo iwe ya mazungumzo, lakini isibaki ya mdomo tu. Mwenye kujua kusoma ndani ya nyumba, awe mama, mjomba au kaka wa Gredi ya 6, asome maandishi ya Dholuo pia baada ya nyanya kumaliza zamu yake. Mtoto aone kwamba lugha ya nyanya ina maandishi. Hapo mtu mzima mwenyewe atakwama mara kwa mara, na asione haya. Dholuo ina irabu tisa lakini inaandikwa kwa herufi tano, na kupanda na kushuka kwa sauti hakuandikwi kabisa. Neno "kendo" likiwa peke yake kwenye karatasi laweza kuwa meko, kuoa, au "tena". Msomaji hulijua kwa kufika mwisho wa sentensi. Kwa hiyo usisome Dholuo kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto. Pitia ukurasa kimya kimya, jua sentensi inakwenda wapi, ndipo usome kwa sauti. Mzazi aliyekwama mara tatu kwenye ukurasa mmoja hudhani Dholuo ya kuandikwa ni ngumu na hurudi kwenye Kiingereza. Kinachokosekana ni mazoezi tu, kwa sababu wengi wetu hatukuisoma tangu tulipotoka madarasa ya chini.

Vitabu vyenyewe vinatoka wapi? Nyumba nyingi zina Muma Maler, yaani Biblia ya Dholuo, na wazee husoma kwa ufasaha kwa sababu yake. Kwa mtoto wa miaka mitano sentensi zake ni ndefu na picha hakuna, kwa hiyo nashauri msimulie kisa badala ya kumsomea sura nzima. Kwa hadithi za watoto, mahali ninapopaamini ni africanstorybook.org, iliyoanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi zake ni za bure, zinaruhusiwa kuchapishwa na kunakiliwa, na kisa kimoja mara nyingi kinapatikana kwa Kiswahili na Dholuo pia, pamoja na Kiluhya cha aina kadhaa na Ekegusii. Zimepangwa kwa ngazi tano: ya kwanza ina neno moja au machache kwa ukurasa, ya tano ni visa virefu vya mkubwa kumsomea mtoto. Kwa nyumba inayoanza chukueni ngazi ya pili, yenye sentensi chache kwa ukurasa, kama kile kitabu cha kiboko.

Kwa kuwa tovuti hiyo iko wazi kwa watu kutunga na kutafsiri, ubora hautoshani. Kuna tafsiri za Dholuo zilizofuata Kiingereza neno kwa neno, na nyanya atazikataa papo hapo: "Hatusemi hivyo." Msikilizeni. Chukueni kalamu, mfute sentensi hiyo na kuandika juu yake jinsi nyanya anavyosema. Kitabu kilichosahihishwa na nyanya kina thamani zaidi ya kile kilichotoka kwenye mashine.

Si kila nyumba yetu ni kama ile niliyoieleza. Wapo watoto ambao baba ni Mluo na mama ni Mluhya, na nyumbani wanaongea Kiswahili. Hao hawana haja ya kuchagua lugha moja ya mama: baba ana jioni yake, mama ana yake, na kitabu ni kile kile. Na wapo watoto wa mjini ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kwanza, Dholuo wanaisikia wakienda kwa nyanya mwezi wa Desemba. Kwa hao geuzeni mpango: kisa kizungumzwe kwanza kwa Kiswahili hadi kieleweke, na jioni ya Dholuo ndiyo iwe ya kusoma polepole kama ilivyoandikwa. Kanuni inafuata lugha anayoielewa mtoto leo, haifuati jina la ukoo.

Kuanzia Ijumaa hii kila mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 atabeba kitabu kimoja chenye Kiswahili ukurasa wa kushoto na Dholuo wa kulia. Wenye kuhitaji Kiluhya au Ekegusii waniambie kabla ya Alhamisi nichapishe. Kitabu kikae kwenu wiki mbili, kisipelekwe shuleni kila siku. Nyuma ya jalada nimeacha nafasi tupu: andikeni hapo jambo moja mtoto alilouliza ambalo hamkuwa na jibu lake, kwa lugha yoyote aliyoiulizia. Maswali hayo ndiyo nitakayoanza nayo kipindi cha kusoma kitabu kitakaporudi.